MIPIRA YA KRISMASI IMEBAKI? USIITUPE, IGAWE KWA RANGI

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, mti ukishashushwa wengi tunasomba mapambo yote na kuyatupa. Leo tuongelee ile mipira ya plastiki tu, maana ina kazi mpaka Desemba nyingine.

Kitu cha kwanza kuelewa: mpira wenyewe hauna Krismasi. Kinachofanya mteja aseme "hii ni ya Krismasi" ni nyekundu na kijani kukaa pamoja. Zitenganishe hizo rangi mbili, unabaki na pambo la kawaida.

Mfano wangu huu hapa. Nilikuwa na pakiti ya mipira 24 niliyonunua 12,000, yaani mpira mmoja 500. Ndani kulikuwa na 8 myekundu, 8 ya dhahabu na 8 ya kijani.

1. Myekundu ilienda Valentaini, 14 Februari. Kwenye kila boksi la zawadi nilifunga mpira mmoja juu ya utepe badala ya ua la kununua. Jina la mpokeaji niliandika kwa maka pen isiyofutika. Futa mpira kwanza kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, maana mafuta ya mikono yanafanya wino uteleze. Ukishaandika, uache ukauke kabisa ndo uushike.

2. Kijani na dhahabu niliweka kwa ajili ya Idi. Hii haiendi kwa mteja, ni ya kupigia picha. Weka mipira kwenye bakuli la kioo, zungushia taa ndogo za betri, bidhaa yako ikae mbele. Myekundu usiingize hata mmoja, utarudi Krismasi.

3. Dhahabu peke yake inakaa na chochote: kichen pati, sendofu, mahafali. Hiyo ndo ya kutunza zaidi.

Sasa angalieni haya:

• Mpira wa glita, usugue kwenye kitambaa cheusi kabla ya kuutumia. Ukiacha vumbi linalong'aa, usiufunge kwenye zawadi ya nguo, na kwenye keki au chakula usiuweke kabisa. Huo ubaki wa picha tu.

• Kile kikofia cha juu kinachomoka njiani. Kipake gundi na ukivute kidogo kabla hujampa bodaboda mzigo.

• Mipira ya kioo usitume. Ikipasuka ndani ya boksi inamkata mteja.

• Taa za betri, toa betri kabla ya kuhifadhi. Zikivuja zinaleta kutu kwenye vile vyuma na taa haziwaki tena. Waya uzungushie kwenye kipande cha boksi usijifunge mafundo.

Mipira hifadhi kwenye trei za mayai, mbali na jua, maana jua linapausha rangi. Kila rangi trei yake, ili Idi ikifika usianze kuchambua.

Wewe umebakiwa na rangi gani? Andika hapo chini tuipangie kazi.