Somo la Ramani: Kukata Picha ya Setilaiti Bila Kuharibu Wastani

Katika somo hili tunaangalia jambo linaloweza kuifanya taarifa ya msitu mzima ionekane kama ya msitu uliofyekwa.

Tuchukue mfano wa ngitili, hifadhi ya malisho na miti kama zilivyo huko Shinyanga, yenye hekta 60. Picha ya setilaiti ya Sentinel-2 imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli hapa ina mita 10 kwa 10, hivyo hekta moja ina pikseli 100 na ngitili yetu ina 6,000. Kila pikseli inabeba namba ya uoto, NDVI. Karibu na sifuri ni ardhi tupu. Namba ikipanda, majani ni mengi.

Tunapoikata picha kwa kufuata mpaka wa ngitili, faili inayopatikana hubaki na umbo la mstatili, kwa sababu kompyuta huhifadhi picha kwa safu na mistari. Tuseme mstatili huo una pikseli 10,000. Zile 4,000 zilizo nje ya mpaka zinajazwa nini? Tusipotoa maelekezo, kwa kawaida programu huweka sifuri. Lakini sifuri katika NDVI ni jibu halali, maana yake ardhi tupu. Ikiwa wastani wa ngitili ni 0.70, hesabu ya mstatili mzima itatoa 0.42. Mfadhili atauliza miti imekwenda wapi, ilhali haikukatwa hata mmoja.

Dawa yake ni kuchagua namba ambayo NDVI haiwezi kuifikia, kwa kuwa NDVI huishia kati ya -1 na 1, kisha kuitangaza ndani ya faili kuwa ni alama ya "hakuna data". Kwa programu ya GDAL amri ni hii:

```
gdalwarp -cutline ngitili.shp -crop_to_cutline -dstnodata -9999 ndvi.tif ngitili.tif
```

Kisha kagua:

```
gdalinfo -stats ngitili.tif
```

Tafuta `NoData Value=-9999`, na wastani uwe 0.70. Ukiona wastani wa karibu -4,000, namba ipo lakini tangazo limepotea, pengine faili ilihifadhiwa upya katika programu isiyolijua.

Angalieni pia aina ya faili. Ile ya namba 0 hadi 255 haiwezi kubeba -9999. NDVI ihifadhiwe kama `Float32`.

Kwa hiyo kamati inapopokea taarifa ya aina hii, imwulize fundi swali moja: wastani huu umehesabiwa kwa pikseli ngapi? Kwa ngitili yetu jibu liwe 6,000 hivi. Likiwa 10,000, hesabu irudiwe kabla taarifa haijatumwa.