Dondoo muhimu: Tundu la sindano kwenye tunda

Alama ya nzi wa matunda ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani: nukta kama ya ncha ya sindano, mahali jike alipotoboa ganda na kutaga mayai. Kwenye embe bichi hutokea tone la utomvu linalokauka likang'aa. Utaniambia utomvu hutoka hata embe likikwaruzwa na tawi. Kweli, lakini mkwaruzo ni mstari, nao hauzami. Pale palipodungwa, baada ya siku chache nukta huzungukwa na doa jeusi, na kidole gumba kikibonyeza hapo huzama. Kwenye pera ni vivyo hivyo, ila ganda lake jembamba hulainika haraka zaidi.

Nyanya ndiyo hudanganya. Tundu kubwa lenye kinyesi pembeni ni la kiwavi wa kipepeo wa usiku. Pasua moja: kiwavi ana miguu na kichwa cha kahawia, funza wa nzi ni mweupe, hana miguu, kachongoka upande mmoja. Tundu safi la mviringo kwenye tunda lililooza, hapo funza ameshatoka kwenda kujifukia udongoni.