Kwa Nini Watu Hutega Kazi? Taylor, Fayol na Wachunguzi wa Hawthorne

Mwanafunzi akiambiwa aandike insha juu ya historia ya uongozi wa kazi, mara nyingi huandika hivi: wataalamu wa kwanza walimfanya mfanyakazi kuwa kama mashine, kisha wakaja wengine wakagundua kwamba yeye ni mtu. Insha ya namna hiyo ni nyepesi mno. Yafaa tuanze na jambo moja ambalo pande zote mbili zililiona kwa macho yao, yaani kutega kazi, kisha tuulize kila upande ulilieleza vipi.

Frederick Winslow Taylor, Mwamerika aliyezaliwa mwaka 1856, alijifunza kazi za mafundi kabla ya kuwa mnyapara katika kiwanda cha chuma cha Midvale, mjini Philadelphia. Kwa hiyo hila za mafundi alizijua. Aliona kuwa wanakubaliana kwa siri kufanya kazi kidogo kuliko wanavyoweza, naye hakusema kwamba ni wavivu tu. Alieleza kwamba fundi hulipwa kwa kila kipande cha kazi anachomaliza. Akiongeza bidii, mapato yake hupanda. Tajiri akiyaona yamepanda, hupunguza bei ya kipande. Mwisho fundi hufanya kazi nyingi zaidi kwa ujira ule ule. Akishatendewa hivyo mara moja au mbili, hujifunza kutega.

Dawa ya Taylor ilikuwa kipimo. Kazi igawanywe katika vitendo vidogo, kila kitendo kipimwe kwa saa, kazi ya siku ijulikane, na mwenye kuitimiza alipwe zaidi bila bei kupunguzwa baadaye. Mfano wake mashuhuri ni wa mwaka 1899 katika kiwanda cha Bethlehem, katika jimbo la Pennsylvania. Vibarua walikuwa wakipakia vipande vya chuma katika mabehewa, kila kipande kikiwa na uzito wa ratili 92. Taylor alisimulia kwamba kila mtu alikuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku kwa ujira wa dola 1.15. Kibarua aliyemwita Schmidt, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Henry Noll, alifikia tani 47 na nusu kwa dola 1.85.

Tupige hesabu. Kazi iliongezeka karibu mara nne, bali ujira uliongezeka kwa 60 katika mia tu. Tena, wasaidizi wa Taylor walipima watu waliopakia kwa kasi kubwa sana, wakaona kasi hiyo ingefika tani 75 kwa siku, kisha wakakata 40 katika mia kwa ajili ya mapumziko na kuchelewa. Ndivyo walivyopata tani 45. Saa ilipima kweli, lakini ile 40 ilikuwa kadirio la watu. Mwaka 1974 wanahistoria Wrege na Perroni walichunguza karatasi za wakati ule, wakaonyesha kwamba Taylor aliitia hadithi yake chumvi nyingi.

Huko Ufaransa, Henri Fayol alitazama jambo jingine. Yeye alikuwa injinia wa machimbo, kisha akawa mkurugenzi wa kampuni kubwa, na mwaka 1916 alitoa kanuni 14 za uongozi. Taylor alianzia chini, kwenye mikono ya kibarua. Fayol alianzia juu, kwenye meza ya mkurugenzi. Mwanafunzi asiwachanganye, maana katika jambo moja walipingana waziwazi. Taylor alitaka fundi awe chini ya wanyapara wanane, kila mmoja na utaalamu wake: huyu wa mwendo wa mashine, yule wa matengenezo, mwingine wa nidhamu, na kadhalika. Fayol alisema mtu apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu, na akamlaumu Taylor kwa kuivunja kanuni hiyo.

Sasa tuje Hawthorne, kiwanda cha vifaa vya simu cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago. Uchunguzi ulianza mwaka 1924 kwa habari ya mwanga wa taa. Mwaka 1927 wasichana watano waliokuwa wakiunganisha swichi ndogo za simu waliwekwa katika chumba chao. Wakabadilishiwa mapumziko na saa za kazi, na kazi yao ikaongezeka kwa kiasi cha 30 katika mia. Elton Mayo, profesa wa Harvard, alieleza kwamba siri ilikuwa ushirika wao na namna walivyoangaliwa kwa wema. Lakini insha nzuri haitaficha mambo mawili. Ujira wao ulianza kuhesabiwa kwa kikundi chao kidogo, badala ya idara kubwa, hata bidii ya kila mmoja ikaonekana katika malipo. Tena, mapema mwaka 1928 wasichana wawili waliosemwa kuwa wakaidi waliondolewa, wakaingizwa wengine.

Chumba kinachotufaa zaidi ni kile cha wanaume 14 waliokuwa wakifunga nyaya za mitambo ya simu, walioangaliwa tangu Novemba 1931 hadi Mei 1932. Walilipwa kwa kikundi: kazi ikizidi, mapato ya wote yanazidi. Hata hivyo wao wenyewe walikata shauri kwamba kazi ya siku ni mitambo miwili, kama viungo 6,600 vya nyaya, ingawa kampuni iliweka kiasi cha 7,312. Aliyezidisha alitaniwa na kupigwa ngumi ya bega. Aliyefanya kidogo mno alidharauliwa. Na mwenye kusema siri kwa wakubwa ndiye aliyechukiwa zaidi. Kazi ya ziada ilifichwa ili itajwe siku ya uchovu.

Hapo utaona kitega kile kile cha Midvale. Wachunguzi walisema wanaume hawa hawakufuata hesabu ya fedha bali desturi za kundi, kwa kuwa bei haikuwa imepunguzwa chumbani mwao. Walichokiona juu ya kundi ni kweli, na Taylor hakukipa uzito, maana alitaka kila mtu ashughulikiwe peke yake. Lakini hofu ya wanaume ilikuwa na sababu. Mwaka 1932 ulikuwa wa dhiki kuu ya uchumi, watu wakiachishwa kazi, na chumba chenyewe kilifungwa kwa sababu kazi ilikwisha. Kama wangeongeza kasi, ingekwisha mapema zaidi. Hesabu ya namna hiyo Taylor angeielewa upesi.

Basi katika insha yako, usiwapange wataalamu kama waliokosea na waliopatia. Onyesha kwamba Taylor aliijua sababu ya kutega lakini hakuliona kundi vyema, na kwamba watu wa Hawthorne waliliona kundi vizuri lakini wakaidharau sababu. Kisha uulize swali ambalo pande zote mbili hazikulijibu vya kutosha: ni nani mwenye haki ya kuamua kazi ya siku moja ni kiasi gani? Taylor aliijibu kwa saa ya mtaalamu, Fayol kwa amri ya mkubwa, Mayo kwa maneno mema ya msimamizi. Wale wanaume 14 walijibu wenyewe, kwa ngumi ya bega.