Faili Ipi Ndiyo Iliyoidhinishwa? Namna ya Kutunza Slaidi za Kikundi Kabla ya Kikao cha Maoni

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti kuwasilisha Taarifa ya Mkakati wa Fedha katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Kwa sababu hiyo, wiki za kwanza za mwaka ndizo vikundi vingi vya Machakos, kuanzia Masinga hadi Mavoko, huandaa slaidi za kuonyesha katika vikao vya maoni ya umma: kisima kinachohitajika, barabara ya kuelekea sokoni, zahanati isiyo na wodi ya kina mama. Slaidi hizo hupitia mikono mingi. Katibu huandika, mweka hazina hubadilisha hesabu, mwenyekiti huongeza picha, na kijana wa saiba hupanga rangi. Siku ya kikao inapofika, flashi moja hukutwa na faili kama hizi:

```
Presentation1.pptx
kisima final.pptx
kisima final mpya.pptx
kisima FINAL ya kweli.pptx
kisima final mpya (1).pptx
```

Swali ambalo mtu mbele ya projekta hulazimika kujibu kwa sekunde chache ni moja tu: ipi kati ya hizi ndiyo ambayo wanachama walikubaliana? Majina yenyewe hayamsaidii. Neno "final" huandikwa na mtu anayeamini kuwa amemaliza, na kila anayefuata huamini hivyo pia. Ile "(1)" ya mwisho haina maana yoyote ya marekebisho. Kwa kawaida huwekwa na kompyuta au simu yenyewe pale faili inapopakuliwa mara ya pili mahali penye faili ya jina hilohilo.

Wengi hukimbilia kupanga faili kwa tarehe na kuchukua ile ya juu kabisa. Hapo ndipo makosa makubwa hutokea. Tarehe inayoonyeshwa na kompyuta ni ya mara ya mwisho faili kuhifadhiwa, au hata siku ilipopakuliwa kutoka kwa barua pepe. Mtu akifungua slaidi za mwezi uliopita ili kusoma, akagusa herufi moja bila kukusudia, kisha akakubali simu inapomuuliza kama ahifadhi, faili hiyo ya zamani hupanda juu ya orodha na kuonekana kuwa mpya kuliko zote. Tarehe ya kompyuta haijui lolote kuhusu kile kilichoidhinishwa.

Dawa yake ni jina lenye sehemu nne zisizobadilika mpangilio: mradi, namba ya toleo, hali ya faili, na tarehe. Kwa mfano:

```
KisimaYatta_v03_RASIMU_2026-01-30.pptx
```

Kila sehemu ina kazi yake. Jina la mradi hukaa mbele ili faili za mradi mmoja zikae pamoja hata zikichanganywa na nyingine. Namba ya toleo ndiyo inayoeleza ipi ilitangulia ipi, na huandikwa kwa tarakimu mbili, v03 na wala si v3, kwa kuwa kuna simu na programu zinazopanga majina herufi kwa herufi na zitaiweka v10 kabla ya v2. Hali ya faili ni moja kati ya maneno mawili tu, RASIMU au IDHINI. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ikitenganishwa kwa vistari. Ile namna yetu ya kawaida ya 30/01/2026 haitawezekana, kwani Windows haikubali alama ya mkwaju katika jina la faili. Nafasi tupu pia ni afadhali kuziepuka.

Mbona namba na tarehe zote mbili? Kwa sababu faili inaweza kurekebishwa mara tatu kwa siku moja. Namba hutoa mfuatano, na tarehe humsaidia binadamu kukumbuka ni baada ya kikao gani.

Tuufuate mpango huu kwa mfano wa kubuni wa kamati ya maji katika wadi moja ya Yatta. Tarehe 14 Januari katibu anatengeneza slaidi 12, na gharama ya kisima chenye pampu ya jenereta ni shilingi 4,200,000. Hiyo ni v01. Baada ya kupata ushauri wa fundi, kamati inachagua pampu ya sola na gharama inashuka hadi 3,850,000. Katibu hafuti v01. Anaifungua, anaihifadhi kwanza kwa jina jipya la v02, ndipo anaanza kubadilisha. Mfuatano huo ni muhimu: jina jipya kwanza, mabadiliko baadaye. Anayebadilisha kwanza mara nyingi huhifadhi kwa mazoea, na toleo la awali hupotea chini ya lile jipya. Tarehe 30 mweka hazina anaongeza idadi ya nyumba zitakazopata maji, ikawa v03.

Jumamosi tarehe 7 Februari kamati inakutana na kuonyeshwa v03. Mwanachama mmoja anatambua kuwa nyumba 310 zilizoandikwa zinajumuisha kijiji ambacho tayari kina mfereji, kwa hiyo idadi inashuka hadi 265. Katibu anarekebisha papo hapo na kuhifadhi v04. Wanachama wanaitazama tena na kuipitisha. Sasa ndipo neno RASIMU linaondolewa na IDHINI kuwekwa:

```
KisimaYatta_v04_IDHINI_2026-02-07.pptx
KisimaYatta_v04_IDHINI_2026-02-07.pdf
```

Angalieni kwamba namba haikupanda kutoka 04 hadi 05 kwa sababu ya kuidhinishwa. Kilichopitishwa ni kilekile kilichoonekana ukutani, hivyo namba yake hubaki ileile. Kama kungekuwa na badiliko lolote baada ya kupitishwa, hata la koma moja, lingekuwa v05 RASIMU na lingehitaji kurudi kwa wanachama. Katika kumbukumbu za kikao, katibu anaandika jina lote la faili jinsi lilivyo, idadi ya slaidi, na ile takwimu kubwa ya gharama. Mstari huo mmoja ndio utakaoamua ubishi wowote mwezi wa Machi, na haugharimu kitu.

Ile nakala ya PDF ina sababu. Slaidi zikifunguliwa katika kompyuta nyingine, maandishi yanaweza kuhama na jedwali kukatika, na ni rahisi mno kuzibadilisha kwa bahati mbaya. PDF huonekana vilevile karibu kila mahali. Basi PDF ndiyo inayotumwa kwa watu na kuchapishwa, na ile ya pptx hubaki kwa katibu kwa ajili ya marekebisho yajayo.

Faili hizi zikae wapi? Folda mbili zinatosha. Ya kwanza iitwe KAZI, na humo matoleo yote ya rasimu yakae. Ya pili iitwe IDHINI, na ndani yake kuwe na toleo moja tu la kila mradi. Toleo jipya likiidhinishwa, la zamani linahamishwa kurudi KAZI siku hiyohiyo. Mtu akifungua folda ya IDHINI na kukuta matoleo mawili ya kisima, ajue mara moja kuwa kuna kazi iliyoachwa katikati, na amuulize katibu kabla ya kutumia lolote. Anayeruhusiwa kuweka kitu katika folda hiyo awe mtu mmoja, na mwingine mmoja wa kushika nafasi yake akiwa safarini. Nakala ya folda nzima iwekwe mahali pa pili, kwa sababu flashi hupotea kwenye matatu kama mwavuli.

Vikundi vinavyotumia Google Drive vina faida na mtego wake. Faida ni kwamba slaidi zilizoandikwa humo hutunza historia yake, na katibu anaweza kulipa toleo lililopitishwa jina kwa kubonyeza `File > Version history > Name current version`. Mtego ni kwamba faili ya pptx iliyopakiwa tu hutendewa tofauti: matoleo yake ya awali yanaweza kufutwa baada ya siku 30, au yakizidi 100, isipokuwa umechagua `Keep forever`. Tena Drive inaweza kukubali faili mbili zenye jina lilelile ndani ya folda moja bila kulalamika.

WhatsApp ndiyo njia inayotumika zaidi, na ndiyo inayovuruga zaidi. Faili huingia kwenye simu ya kila mwanachama, na katika baadhi ya simu huhifadhiwa kwa jina linaloanza na `DOC-` likifuatwa na tarehe, hivyo kazi yote ya kuipa jina zuri hupotea. Kwa hiyo alama ya toleo lazima iwe pia ndani ya slaidi zenyewe. Chini ya kila slaidi, kwa herufi ndogo, andikeni "Kisima Yatta v04, 7 Februari 2026". Ni mstari unaosahaulika kubadilishwa, na katibu aufanye kuwa jambo la kwanza kila anapofungua toleo jipya. Hata faili ikipoteza jina, au karatasi moja ikichomoka kwenye bahasha, bado itajulikana ilikotoka.

Turudi kwa kamati yetu. Jumatatu tarehe 9 mwenyekiti anafungua v02 aliyotumiwa Januari, anaisoma kwenye simu, na simu inaihifadhi upya. Siku ya kikao, orodha yake inaonyesha hiyo ikiwa ya juu. Bila mpango wa majina, angesimama mbele ya maafisa akaonyesha idadi ya zamani ya nyumba, huku maombi ya maandishi yaliyokwisha kupelekwa yakisema 265. Afisa anayeandika maoni angekuwa na hesabu mbili kutoka kikundi kimoja, na ombi lenye hesabu mbili ni rahisi kuliweka kando. Lakini mwenyekiti anaona RASIMU katika jina na v02 chini ya slaidi ya kwanza. Anampigia katibu, naye anatuma PDF kutoka folda ya IDHINI. Wanahakiki mambo matatu kutoka kwa kumbukumbu: v04, slaidi 12, shilingi 3,850,000.

Kuna jambo moja ambalo majina hayawezi kulizuia. Watu wawili wakifungua v02 usiku mmoja kila mmoja kwake, wote watahifadhi v03, na hizo v03 mbili hazitafanana. Hapa hakuna ujanja wa kompyuta kwa kikundi kinachotumia flashi na simu. Anayetaka kurekebisha aandike kwanza kwenye kundi la WhatsApp, "Nimeshika v02," na wengine wangoje hadi atakaporudisha v03. Kama tayari zimetokea mbili, msichague ile inayopendeza zaidi. Katibu azifungue zote bega kwa bega, slaidi kwa slaidi, atengeneze v04 yenye mabadiliko ya pande zote, na kuandika katika kumbukumbu kwamba v03 zilikuwa mbili.

Msifute folda baada ya kikao. Makadirio ya bajeti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufika huko kufikia 1 Septemba. Kisima ambacho hakikupata fedha mara ya kwanza kitaombwa tena, na katibu wa wakati huo, huenda akiwa mtu mwingine kabisa, ataanza kwa kunakili v04 IDHINI na kuiita v05 RASIMU.