Namna ya Kueleza Tuzo Zako kwa Mtu Asiyekujua

Katika wasifu wa waombaji kazi, sehemu ya tuzo mara nyingi huwa na mstari kama huu: "Mfanyakazi Bora wa Mwezi, 2023." Aliyeuandika anajua fika alivyoipata tuzo hiyo. Anayeusoma, ambaye hajawahi kufika mahali hapo pa kazi, hajui lolote. Huenda kampuni ina watu watano, huenda ina mia tano. Huenda bosi aliteua peke yake, huenda watu walipiga kura, huenda tuzo inazunguka kwa zamu ili kila mmoja aipate. Kwa kuwa hana njia ya kujua, anauruka mstari huo na kuendelea na mengine.

Tuzo ni uamuzi wa watu wengine juu yako. Msomaji asiyekujua hawezi kuupima uamuzi huo mpaka ajue mambo manne: ni nani aliyeamua, ulishindanishwa na nani, kipimo kilikuwa nini, na wewe ulifanya nini hasa. Ukimpa hayo manne, hata tuzo ya ofisi ndogo inapata uzito. Ukimnyima, hata ufadhili mkubwa wa masomo unabaki kuwa jina tu.

Mfano: tuzo ya hotelini

Tuchukue mfano wa kubuni wa mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya kitalii ya pwani, ambaye sasa anaomba kazi ya usimamizi kwenye kampuni ya usafiri. Ana cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi wa Agosti 2023. Tumuulize yale maswali manne.

Nani aliamua? Wakuu wa idara sita (mapokezi, jikoni, mgahawa, usafi wa vyumba, ulinzi na matengenezo) kila mmoja alipendekeza jina moja, kisha meneja mkuu akachagua.

Alishindana na wangapi? Hoteli ina wafanyakazi 64, lakini majina yaliyofika kwa meneja yalikuwa sita. Hapa watu wengi hukosea kwa kuandika idadi inayovutia zaidi. Usemi wa kweli unabeba idadi zote mbili: hoteli ya watu 64, jina moja kutoka kila idara. Msomaji akipata picha yote, hatakuwa na sababu ya kushuku.

Kipimo kilikuwa nini? Maoni ambayo wageni huandika kwenye fomu siku ya kuondoka, pamoja na maelezo ya mkuu wa idara.

Na alifanya nini? Hapa ndipo watu hujibu "nilijituma" au "nilikuwa na nidhamu", majibu ambayo kila mwombaji anayo. Tukimbana kidogo, tunapata jambo lenyewe. Asubuhi za kuondoka, wageni walikuwa wakipanga foleni mapokezi huku bili za mgahawa zikiwa hazijafika mezani. Gari la uwanja wa ndege linasubiri nje, mgeni anaona kwenye bili kinywaji ambacho hakunywa, ubishi unaanza. Mhudumu huyu akaanza kukusanya bili zote usiku wa kuamkia siku ya kuondoka na kumpelekea mgeni chumbani azikague kwa utulivu. Malalamiko ya bili katika kitabu cha malalamiko yalikuwa tisa mwezi wa Julai. Mwezi wa Agosti yakawa mawili, ilhali hoteli ilikuwa imejaa miezi yote miwili.

Sasa mstari wake unaweza kuandikwa hivi:

"Mfanyakazi Bora wa Mwezi (Agosti 2023), hoteli ya kitalii yenye wafanyakazi 64. Nilichaguliwa na meneja mkuu kati ya sita waliopendekezwa na idara zao, baada ya kuanzisha utaratibu wa kumpa mgeni bili aikague usiku kabla ya kuondoka. Malalamiko ya bili yalipungua kutoka tisa hadi mawili kwa mwezi."

Kampuni ya usafiri haijui hoteli hiyo, lakini inajua foleni, bili na abiria mwenye haraka. Kwa mistari michache imemwona mtu anayegundua chanzo cha tatizo na kulitatua bila kusubiri kuambiwa. Kisa kirefu, cha gari linalosubiri na mgeni anayebishana, kina nafasi yake kwenye barua ya maombi au kwenye usaili. Katika wasifu, hayo machache yanatosha.

Tuzo inapokuwa ya zamu

Ofisi nyingi, za umma na za binafsi, huteua wafanyakazi hodari kila mwaka na kuwatunuku Mei Mosi. Mahali pengine uteuzi ni wa ushindani wa kweli. Kwingine watu hukubaliana kimyakimya kwamba mwaka huu ni wa idara hii, mwakani ni wa ile. Unaweza kutambua kwa kutazama orodha ya washindi wa miaka iliyopita: kama idara zinafuatana kwa mpangilio, au kama hakuna aliyewahi kuipata mara mbili hata pale ambapo kila mtu anajua nani anaongoza kwa kazi, basi ni zamu.

Tuzo ya zamu si aibu, lakini ukiiandika kama ushindi mkubwa, swali moja tu kwenye usaili, "walichaguaje?", litakuweka pabaya. Njia nzuri ni kuacha jina la tuzo na kubaki na kazi uliyoifanya, ukaiandika chini ya majukumu yako kama matokeo. Yule mhudumu wa mapokezi angeweza kueleza utaratibu wake wa bili bila kutaja cheti kabisa, na bado angeonekana.

Vyeti vya kuhudhuria semina navyo visikae kwenye sehemu ya tuzo. Kila aliyehudhuria alipewa. Mahali pake ni kwenye mafunzo.

Ufadhili wa masomo: ulipewa kwa sababu gani?

Ufadhili una utata wake, kwa kuwa misingi ya kuutoa hutofautiana sana. Tanzania, ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 unawalenga waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Kenya, programu ya Wings to Fly ya Equity Group Foundation, iliyoanza 2010, inawasomesha sekondari watoto wenye akili wanaotoka familia zisizo na uwezo. Hapo ufaulu na hali ya nyumbani hupimwa pamoja. Msomaji wa nchi nyingine akiona majina haya hawezi kubahatisha tofauti hiyo. Maneno machache tu yanatosha: "hutolewa kwa ufaulu wa juu wa sayansi katika mtihani wa taifa", au "hutolewa kwa ufaulu pamoja na uhitaji, baada ya usaili".

Kama msingi ulikuwa uhitaji peke yake, huo ni msaada wa kifedha, si tuzo ya ufaulu. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo, hata ukiwa wa asilimia mia, ni deni linalorejeshwa. Usiuorodheshe kama tuzo.

Baada ya msingi, eleza ufadhili ulilipia nini na kwa muda gani. Kiasi cha shilingi hakimsaidii mtu wa mbali, maana hajui ada ya chuo chako ni kiasi gani. Sehemu ya gharama inaeleweka kila mahali: "ada yote na malazi kwa miaka mitatu", au "nusu ya ada kwa mwaka wa kwanza". Kama kulikuwa na sharti la kuendelea kuupata, litaje. "Uliendelea kwa sharti la wastani usiopungua 3.5 kati ya 5 kila mwaka" kunaonyesha kwamba hukushinda mara moja tu, ulipimwa tena kila mwaka na ukavuka. Na kama ulipewa ufadhili usiutumie, labda kwa sababu ulipata mwingine, sema hivyo wazi: "nilipewa, sikuutumia".

Alama bila kipimo hupotosha

Tuzo nyingi za shule huambatana na alama, na alama ni kama bei isiyotajwa sarafu. Mhitimu wa kidato cha nne Tanzania mwenye Daraja la Kwanza la pointi 7 ana matokeo ya juu kabisa: masomo saba bora, kila A ikihesabiwa pointi moja. Kenya nako huhesabiwa masomo saba, lakini A ni pointi 12, kwa hiyo kilele ni pointi 84. Mkenya akisoma "pointi 7" bila maelezo anaweza kudhani mwombaji alianguka vibaya. Andika "pointi 7, kiwango cha juu kabisa kinachowezekana", na hakuna atakayekosea.

Chuoni ni vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima wastani kwa kipimo cha 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Vyuo vya Marekani kwa kawaida hutumia kipimo cha 4. Ukituma huko wastani wa 3.8 bila kusema "kati ya 5", msomaji atauona kuwa karibu na kilele, kisha akifungua nakala ya matokeo yako atahisi amedanganywa, ingawa wewe hukukusudia. Taja kipimo, na kama unaijua, nafasi yako darasani: "wa tatu kati ya wanafunzi 118".

Ukikosa taarifa

Anza na barua ya tuzo, kisha tangazo la awali lililoeleza vigezo. Kama hukuvitunza, iulize kwa ustaarabu ofisi ya rasilimali watu au ofisi ya wanafunzi maswali mawili tu: waliofikiriwa walikuwa wangapi, na uamuzi ulifanywa na nani. Wakikosa idadi, usikisie. "Mmoja kwa kila idara" au "tuzo moja kwa mwaka kwa tawi zima" ni maelezo ya kweli na yanatosha. Kati ya wadhamini utakaowaorodhesha, awemo mmoja aliyeshuhudia uteuzi, na umjulishe mapema kwamba huenda akaulizwa kuhusu tuzo hiyo.

Mwisho, mpe mstari wako mtu wa kazi nyingine kabisa, fundi au mwalimu au muuza duka. Ausome mara moja, kisha akueleze kwa maneno yake ulifanya nini. Akijibu "ulipewa tuzo", rudi ukaandike upya. Akijibu "ulikuwa unawapa wageni bili usiku ili asubuhi wasicheleweshwe", utume.