Chuma Kisichoshika Kutu Kinaposhika Kutu

Mnunuzi aliyelipa fedha nyingi kwa sinki la stenlesi, kisha akaona vidoa vya kahawia juu yake kabla ya mwezi kwisha, hudhani mara moja kwamba ameuziwa bati. Huenda ameuziwa kitu duni kweli. Lakini huenda pia sinki lake ni zuri, na kutu anayoiona haikutoka ndani yake. Hali hizi mbili hufanana kwa macho, ingawa ya kwanza humpa mnunuzi sababu ya kurudi dukani, na ya pili hutibiwa nyumbani kwa ndimu. Inafaa basi kujua namna ya kuzitofautisha.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromi, yasiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo hukutana na oksijeni ya hewani na kufanya utando juu ya chuma. Utando huo ni mwembamba mno: karatasi ya kawaida huuzidi unene mara elfu kumi kadhaa. Hauonekani, lakini ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa kwa kisu hujiziba wenyewe, mradi hewa au maji yenye oksijeni yafike mahali palipokwaruzwa.

Kutokana na hayo tunaelewa ni nini kinachoudhuru. Cha kwanza ni kloridi, iliyomo katika chumvi ya mezani, katika upepo wa baharini, katika dawa za klorini za kung'arishia nguo, na katika asidi ambayo mafundi huitumia kusafishia vigae. Kloridi hutoboa utando katika nukta ndogo, na kutu hula chuma kwenda chini badala ya kuenea juu. Cha pili ni kukosa hewa. Kitambaa kibichi kilicholala sinkini usiku kucha huziba oksijeni, na utando uliovunjika chini yake haupati kujirudishia.

Uwezo wa kuvumilia hayo hutegemea daraja la chuma. Sinki nzuri kwa kawaida hutengenezwa kwa daraja la 304, lenye kromi takriban asilimia 18 na nikeli takriban 8. Ndiyo maana ya maandishi 18/8 yanayoonekana kwenye baadhi ya vyombo. Daraja la 316 huongezewa molibdeni, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na hustahimili kloridi zaidi. Kwa sinki la jikoni mjini Dodoma gharama yake ni ya bure. Kwa bawaba za mlango unaotazama bahari huko Tanga au Mombasa si anasa. Daraja la 430 lina kromi bila nikeli. Ni la bei nafuu, na linafaa kwa sufuria na vijiko vinavyokaushwa kila mara.

Wauzaji wengi humwonyesha mnunuzi jaribio la sumaku: isiposhika, wanasema, mali ni halisi. Jaribio hilo lina ukweli nusu. Sumaku hushika daraja la 430 na haishiki 304. Lakini lipo daraja la 201, ambalo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi ili kupunguza bei. Nalo halishikwi na sumaku, ila hushambuliwa na chumvi upesi kuliko 304. Tena, sinki halali la 304 huweza kuvuta sumaku kidogo kwenye kona zake, kwa kuwa bati lilipindwa kwa nguvu lilipoundwa. Sumaku basi haitoshi kuthibitisha daraja. Kinachomlinda mnunuzi zaidi ni kumtaka muuzaji aandike namba ya daraja kwenye risiti. Asiyetaka kuiandika amekwisha kutoa jibu.

Visu vina habari yao, na hapa walaji wengi hulalamika bila sababu. Katika seti moja, vijiko hubaki vyeupe na visu huota vidoa. Kijiko hakihitaji makali. Kisu hukihitaji chuma kigumu, na ili chuma kigumu kwa kuchomwa na kupozwa lazima kiwe na kaboni ya kutosha. Kwa sababu hiyo visu vingi hutengenezwa kwa daraja la 420 na ndugu zake, lenye kromi asilimia 12 hadi 14 tu na lisilo na nikeli. Isitoshe, kaboni huweza kuifunga sehemu ya kromi isisaidie kujenga utando. Si udanganyifu, ni bei ya makali. Chuma alichokitengeneza Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 kilikuwa cha aina hiyo, nacho kilitumika kwa visu vya mezani. Kisu cha namna hii kioshwe na kukaushwa papo hapo, wala kisilowekwe pamoja na vyombo.

Kuhusu zana, tuseme kwa ufupi. Spana na bisibisi zinazong'aa kwa kawaida si stenlesi kabisa. Ni chuma kigumu kilichopakwa kromi juu. Rangi hiyo ikibanduka haijirudishii, na kutu huingia chini yake. Parafujo za stenlesi hutambulika kwa alama kichwani: A2 inalingana na 304, na A4 inalingana na 316.

Sasa tulirudie sinki lenye vidoa. Tuchukue kwamba ni la 304, limefungwa katika nyumba mpya, na fundi alikata nondo karibu nalo kisha akasafisha vigae kwa asidi. Cheche za nondo ni chembe za chuma cha kawaida. Hutua sinkini, hupata unyevu, na kuota kutu juu ya stenlesi iliyo nzima. Stilwaya nayo huacha chembe kama hizo kila inaposugua.

Osha sinki kwa sabuni na maji, ulisuuze vizuri, kisha upake maji ya ndimu juu ya vidoa na uache dakika kumi. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu hiyo bila kuudhuru utando. Sugua kwa sponji laini kufuata mistari ya bati, suuza, kausha kwa kitambaa. Usitumie ndimu wala siki pamoja na dawa ya klorini, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kisha tumia sinki kama kawaida kwa wiki mbili, bila stilwaya na bila klorini. Vidoa visiporudi, kutu ilikuwa ya nje. Vikirudi palepale, pitisha ncha ya sindano juu yake taratibu. Ikiteleza, rudia kusafisha mara moja. Ikinasa katika kishimo, chuma chenyewe kimeliwa. Hapo jiulize kwanza kama asidi ya vigae iliwahi kumwagwa au kuachwa wazi karibu nalo, kwa kuwa hata mvuke wake hushambulia 304, na dai hilo ni la fundi. Ikiwa hakuna asidi wala klorini iliyotumika, na risiti yasema 304, piga picha za vishimo hivyo na uzipeleke dukani pamoja na risiti, kabla hujajaribu kuving'arisha kwa mashine.