Kuondoa Sauti Katika Video Kabla ya Kuituma

Mfanyabiashara wa makochi mjini Mugumu, Wilaya ya Serengeti, anarekodi kwa simu video ya sekunde 22 ili wateja wa Tarime na Sirari waione bidhaa yake. Picha ni nzuri. Lakini nyuma yake, kwenye meza ya wakala wa fedha, mama mmoja anamtajia mtoto wake namba yake ya simu, na kisha namba ya siri. Mfanyabiashara hakumsikia, simu yake ilisikia. Tutaufuata mfano huu hadi mwisho, kwa kuwa maneno ya mama huyo ni mali yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazilinda taarifa za namna hiyo.

Faili la video, kwa kawaida lenye jina linaloishia na `.mp4`, ni mfano wa kasha. Ndani yake mna mikondo iliyotenganishwa: mmoja wa picha, mwingine wa sauti. Kupunguza sauti ya simu hadi sifuri hakuugusi mkondo huo. Ni sawa na kuziba masikio yako wewe, ilhali atakayepokea faili ataongeza sauti na kusikia yote. Aidha, zipo programu za kuhariri ambazo, ukishusha sauti hadi sifuri, hutengeneza faili jipya lenye mkondo wa sauti uliojaa ukimya. Faili hilo halina siri ya mtu, lakini kwa masikio halitofautiki na lile ambalo sauti yake bado imo na imefichwa tu. Kwa hiyo masikio si kipimo.

Ukubwa wa faili nao si kipimo. Tuseme picha imerekodiwa kwa kasi ya megabiti 17 kwa sekunde na sauti kwa kilobiti 128. Kwa sekunde 22, picha hufikia takribani megabaiti 46.8, na sauti kilobaiti 352 tu. Ukiitoa sauti yote, faili linapungua kwa chini ya asilimia moja, nani atatambua?

Kwenye kompyuta, kazi hii hufanywa vizuri na programu ya bure iitwayo `ffmpeg`. Amri ni hii:

```
ffmpeg -i kochi.mp4 -map_metadata -1 -c:v copy -an kochi_kimya.mp4
```

Sehemu ya `-an` ndiyo inayokataza mkondo wowote wa sauti kuingia katika faili jipya. Sehemu ya `-c:v copy` huinakili picha ilivyo, hivyo ubora haushuki na kazi huisha upesi. Nayo `-map_metadata -1` huondoa maelezo ya ziada ya faili, ambayo katika simu nyingi hujumuisha mahali video iliporekodiwa. Faili la awali halibadiliki, na hapo ndipo wengi hukosea: husafisha faili moja, kisha hutuma lingine. Ndiyo maana tumelipa faili jipya jina lisiloweza kuchanganywa.

Sasa hakiki. Andika:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=index,codec_type -of csv=p=0 kochi_kimya.mp4
```

Kwa faili la awali ungeona mistari `0,video` na `1,audio`. Kwa faili jipya unapaswa kuona `0,video` peke yake. Neno `audio` likionekana popote, usitume, hata kama husikii kitu. Rudia hatua ya kwanza na uangalie jina la faili uliloandika.

Asiyependa kuandika amri anaweza kulifungua faili kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, achague `Tools`, kisha `Codec Information`. Kila mkondo huorodheshwa hapo pamoja na aina yake. Penye `Type: Audio`, sauti ingalimo.

Mwenye simu pekee anaweza kugusa alama ya spika inayotokea juu ya video katika WhatsApp kabla ya kuituma. Njia hiyo inafaa kwa matumizi ya kawaida. Kwa video yenye siri ya mtu, tunashauri uitume kwanza kwako mwenyewe, kisha faili lililopokelewa likaguliwe kwenye kompyuta kwa njia iliyoelezwa hapo juu.

Kuondoa sauti hakuondoi kilichomo katika picha. Mfanyabiashara wetu alipoitazama tena video yake kimya, polepole, aliona kwenye meza ya wakala daftari lililofunguliwa, lenye majina na namba zinazosomeka. Alirekodi upya, kamera ikielekea ukutani.